Mnada wa ngumi ndo unakula hela, sio wa wazi

Jumamosi tulikuwa Nyegezi kwa shemeji tunacheza Modern Art, ile gemu ya Reiner Knizia ya mwaka 1992 ya kunadi picha za wasanii, mvua imetufungia ndani na ziwa halionekani. Kila mtu anaanza na elfu 100 za kwenye gemu, na ukinunua picha ya mwenzako hela inaenda kwake, sio benki. Wengi wanalisahau hilo na ndo wanapoumia.

Shemeji akaweka picha ambayo ilikuwa inaelekea kuwa ya msanii anayeongoza, na raundi ya kwanza msanii mwenye kadi nyingi mezani kila picha yake inalipa elfu 30. Kadi ikawa na alama ya mnada wa ngumi, yaani kila mtu anaficha hela mkononi, tunafungua kwa pamoja, mwenye nyingi anachukua. Mi nikawaza wote wanaitaka hii, nikabana 22. Tukafungua, wa pili alikuwa na 13. Weee, walinicheka!

Ingekuwa mnada wa wazi wa kutajiana bei ningeichukua kwa 14 na kumaliza, ila kwenye ngumi humwoni mwenzako anaishia wapi, kwa hiyo ile 8 ya juu nililipia woga wangu tu, haikununua kitu. Alafu hesabu yenyewe: picha imelipa 30, mi nimebaki na faida ya 8, shemeji kaingiza 22 bila jasho. Nusu ya thamani, yaani 15, ndo pale mnunuzi na muuzaji mnagawana sawa, ukivuka hapo unamtajirisha mpinzani kuliko unavyojitajirisha. Mi navuka nusu pale tu muuzaji yuko nyuma sana na hawezi kunifikia, vinginevyo naacha apate mwingine.

Sio kwamba mnada wa wazi ni salama lakini. Pale watu wanalipia ubishi, mtu kaanza na 10 anafika 24 kisa kuna jirani hataki kunyamaza, na muuzaji mwenyewe anaruhusiwa kupandisha dau, japo akibaki nayo analipa benki.

Ninayoipenda mi ni kadi ya bei moja, maana hapo mzigo unamrudia muuzaji. Anataja bei, wenzake wanaulizwa kwa zamu, wa kwanza kukubali kachukua, ila wote wakikataa anainunua mwenyewe kwa bei hiyohiyo. Binamu yangu, ambaye Mwaloni Kirumba hata dagaa wa buku habembelezi bei, alitaja 25 kwa msanii ambaye hakuna aliyekuwa anamtaka. Tukapita wote kimya. Raundi ikaisha, msanii akawa wa nne, na wanaolipa ni watatu wa juu tu, kwa hiyo 25 yote imezama na yeye bado analaumu mvua.