Kukesha kwa makusudi ili ulale: inamfaa nani, inampoteza nani

"Ninapanga chumba kimoja Mbagala, mimi, mke na mtoto. Kazini ni Posta, naamka saa kumi alfajiri niwahi usafiri, kwa hiyo saa tatu usiku niko kitandani. Usingizi hauji mpaka saa saba, saa nane. Cha ajabu, nikikaa kwa jirani kuangalia taarifa ya habari nasinzia mpaka wananicheka. Kuna mtu kaniambia nijilazimishe kukesha, ndipo nitalala. Ananishauri au ananitania?"

Hakutanii, ila kakupa nusu ya maelezo, na ile nusu aliyoiacha ndiyo inayoamua kama utalala au utakesha kweli.

Tuanze na hilo la kwa jirani, maana lina maana kubwa kuliko unavyodhani. Mtu anayekoseshwa usingizi na maumivu, kikohozi au joto la Februari hasinzii kirahisi kwenye kiti cha plastiki huku runinga inapiga kelele. Wewe unasinzia. Usingizi unao, ila kuna kitu kinaufukuza ukishashusha chandarua. Kwa jirani hakuna anayekudai ulale. Nyumbani hesabu inaanza: sasa saa tatu, nikilala nitapata saa saba, sasa saa tano, zimebaki tano, sasa saa saba, zimebaki tatu. Kila ukihesabu moyo unaongeza mwendo kidogo, na mwili ambao moyo wake uko mbioni haulali. Kitanda kimegeuka chumba cha mtihani, na wewe ndiye mtahiniwa na msimamizi kwa wakati mmoja.

Profesa Colin Espie, mtafiti wa usingizi, na wenzake wa Glasgow, Scotland, waliieleza njia hii ya kuupoteza usingizi mwaka 2006 kwa hatua tatu. Kwanza unaanza kuuangalia usingizi (umekuja? bado?), kisha unakusudia kuupata, kisha unafanya bidii. Mlalaji mzuri hana hata moja kati ya hizo. Muulize mkeo analalaje. Atakujibu "nalala tu", na kweli hana zaidi ya hilo la kukueleza.

Hapa wapenzi wa mbinu hii huwa wanarukia hitimisho kwamba bidii daima hufukuza usingizi. Si kweli. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake, Marekani, waliwaambia baadhi ya watu walale haraka iwezekanavyo na wengine walale wakijisikia. Waliojitahidi huku wakisikiliza muziki laini hawakupata shida, kujitahidi kuliwasaidia. Waliojitahidi huku wanapigiwa muziki wa gwaride ndio waliochelewa. Yaani bidii inaharibu pale akili inapokuwa na mzigo mwingine. Na mzigo si lazima uwe ngoma ya baa ya mtaa wa pili. Kodi ya miezi sita anayoidai mwenye nyumba ni gwaride tosha.

Sasa mbinu yenyewe. Aliyeiasisi ni Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, aliyewataka wagonjwa wake walitamani lile lile wanaloliogopa. Anayeogopa kutokwa jasho mbele za watu ajaribu kutoa jasho jingi zaidi. Anayeogopa kukesha ajaribu kukesha. Ukikusudia kuwa macho, kuwa macho si kufeli tena, na ile hofu inakosa pa kushika. Huku kwetu naiita nia kinyume.

Utekelezaji wake ni mdogo sana, na ndiyo maana watu huongeza vyao wakauharibu. Unalala mahali pako, taa imezimwa, umejiweka vizuri. Unaacha macho wazi gizani. Kope zikiwa nzito unajiambia kwa upole, "bado kidogo, dakika moja tena", kisha unaziacha zifanye zinavyotaka. Basi. Hakuna simu, hakuna kukaa wima, hakuna kujifinya wala kunywa kahawa. Wengi wakisikia "kesha" wanawasha simu, na simu itawakesheza kweli, kwa sababu nyingine kabisa. Kinachotakiwa ni kukesha kwa uvivu, kama mlinzi aliyelala kazini ila hajafumba macho.

Upande wa wanaoitilia shaka una hoja, na si nyepesi. Mwaka 2021 chama cha Marekani cha madaktari wa usingizi kilipotoa mwongozo wake wa tiba zisizo za dawa, hakikuipendekeza mbinu hii wala kuikataa. Kilisema ushahidi hautoshi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikusanya majaribio kumi tu. Ukilinganisha na watu ambao hawakupewa tiba yoyote, nafuu ilikuwa kubwa. Ukilinganisha na waliopewa tiba nyingine, tofauti ilipungua. Na Espie mwenyewe, katika wagonjwa sita aliowaeleza pamoja na mwenzake mwaka 1985, alikuta baadhi wanapata nafuu upesi na wengine wanazidi kukesha. Nampenda kwa hilo. Si kila mtafiti anachapisha waliomshinda.

Mpinzani mkubwa wa mbinu hii kwenye meza ya ushauri ni agizo la mwanasaikolojia wa Marekani Richard Bootzin la tangu mwaka 1972, ambalo lina ushahidi mwingi zaidi: usingizi usipokuja kwa muda wa kama dakika ishirini, toka kitandani, nenda chumba kingine, rudi ukisinzia. Shabaha ni kukifundisha kichwa kwamba kitanda ni cha kulala, si cha kuhangaika. Maagizo haya mawili yanapingana waziwazi. Moja linakwambia ubaki macho hapo hapo, la pili linakwambia uondoke. Ningekuwa namjibu mtu wa Mbezi Beach mwenye sebule na kochi, ningempa la Bootzin bila kusita. Lakini wewe una chumba kimoja. Ukitoka kitandani utamruka mtoto, utafungua mlango unaolia, utakaa ukumbini na mbu na ndoo za wapangaji wenzako, na mke ataamka kuuliza kuna nini. Agizo zuri linalohitaji chumba usichokuwa nacho si agizo zuri kwako. Kwa nyumba zetu nyingi za kupanga, nia kinyume inapata nafasi ambayo wazungu walioiandikia miongozo hawakuifikiria.

Mfano wa pale inapokwama. Mwaka jana nilimsaidia mtunza hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mtu wa miaka kama arobaini, shida yake karibu sawa na yako. Wiki ya kwanza sikumpa chochote isipokuwa daftari: kila asubuhi aandike kwa kukadiria tu, bila kutazama saa usiku, alichukua muda gani kulala. Ikaja wastani wa saa mbili na ushei. Wiki ya pili tukaanza. Usiku wa kwanza na wa pili hakuna kilichobadilika. Wa tatu akapitiwa na usingizi hata hajui ulimchukua saa ngapi. Akanipigia simu asubuhi kwa furaha, na furaha ile ikanitia wasiwasi. Usiku wa nne alipanda kitandani akiisubiri mbinu ifanye kazi. Alifungua macho, akajiambia maneno, akangoja. Saa tisa alikuwa bado anangoja.

Nilimuuliza swali moja: "Jana usiku, ungekuwa radhi kweli kama ungekesha mpaka asubuhi?" Akacheka. Hakuwa radhi. Alikuwa anajifanya hataki usingizi ili usingizi uje, na akili haidanganyiki na mwenyewe. Ile ilikuwa bidii ile ile, imevaa kanzu. Dalili yake ni rahisi kuijua: ukijikuta unajiuliza "imeanza kufanya kazi?", umesharudi kwenye mtihani.

Tulichobadilisha ni siku. Tukaacha katikati ya wiki, tukaanza Jumamosi, kwa sababu Jumapili haendi dukani na kukesha hakumgharimu kitu. Hapo aliweza kukubali kukesha kwa moyo. Tulisogeza pia muda wa kupanda kitandani kutoka saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu. Mwisho wa wiki ya tano daftari lilikuwa linasoma nusu saa kwa siku nyingi, isipokuwa usiku wa kuamkia kufunga hesabu za mwezi, ambapo alikesha kama zamani. Siwezi kukuapia kwamba ni nia kinyume iliyomsaidia na si ile saa moja tuliyoisogeza. Mtu anayepanda kitandani mapema kuliko mwili wake unavyotaka anajitengenezea saa nzima ya kuhangaika, na saa tatu yako inanipa shaka hiyo hiyo.

Kwa hiyo kwako ningeanza hivi. Saa tatu usipande. Subiri saa nne au nne na nusu. Saa ya ukutani igeuze, simu iweke mbali na mkono, kengele yake itasikika tu. Jumamosi anza kukesha kwa uvivu, na mwambie mkeo unachofanya asije akadhani umegombana naye. Wiki mbili au tatu zinatosha kujua. Ukiona unachelewa zaidi ya ulivyoanza na hofu inapanda, acha. Upo katika wale ambao haiwafai, na tiba nyingine zipo.

Wapo ambao hata sitaki waijaribu wenyewe. Mwenye kifafa, kwa kuwa kukosa usingizi kunaweza kumletea degedege. Mwenye ugonjwa wa hisia unaompandisha kwa siku kadhaa akawa na nguvu nyingi bila kulala, kwa kuwa usiku mmoja wa kukesha unaweza kumuanzishia. Dereva wa daladala au lori asiianze bila kuzungumza na daktari. Na wewe mwenyewe, muulize mkeo kama unakoroma kisha unakata pumzi. Akisema ndiyo, weka haya yote pembeni, nenda hospitali kwanza, maana hicho hakiondoki kwa kukodoa macho.