Mdogo wangu, harusini Tanga sitakuja

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Kadi nimeiona kwenye simu, na ujumbe wa sauti wa Mama Mdogo nimeusikiliza mpaka mwisho. Nakujibu mapema ili kamati isinipangie chumba wala kunishonea sare: Disemba sitaweza kuja. Umeniruhusu niiweke barua hii hadharani, na nafanya hivyo kwa ajili ya wengi wetu tulio ughaibuni, tunaopata kadi kama yako tukakosa namna ya kujibu.

Nikuonyeshe hesabu. Kutoka Uingereza kuja Dar lazima tubadilishe ndege njiani, Doha, Addis Ababa au Istanbul. Tiketi za Disemba nilizoziona ni pauni 1,050 kwa mtu mzima na 890 kwa mtoto. Sisi wanne, mimi, shemeji yako na watoto wawili, inakuja 3,880, yaani zaidi ya shilingi milioni 12 kabla hatujapanda basi la Tanga. Harusi yako ni Jumamosi ya pili ya mwezi, shule hapa bado hazijafungwa. Ukimtoa mtoto shuleni wiki nzima bila ruhusa, halmashauri inaweza kukutoza pauni 80 kwa kila mtoto, na kila mzazi hutozwa yake. Kwa watoto wawili na wazazi wawili ni 320, na usipolipa ndani ya siku 21 inakuwa mara mbili. Tena usisahau kwamba mtu wa Ulaya haingii mtaani kwetu mikono mitupu.

Najua kuna watakaosema nije peke yangu. Nimelifikiria hilo zaidi ya yote. Lakini nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na likizo za Disemba tunagawana kwa zamu. Mwaka huu si zamu yangu. Nikichukua siku zisizolipwa, kodi ya nyumba haisubiri.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti kubwa ya huku na nyumbani. Mshahara wangu ukiutaja kwa shilingi, watu Tanga hushika kichwa. Wasichokiona ni kwamba kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri, umeme na nauli vinaumaliza kabla mwezi haujafika nusu, na mzigo huo hakuna wa kuubeba nami. Harusi yako inabebwa na watu wengi. Kuna kamati, kuna kadi za mchango, jirani analeta sufuria, mjomba analeta mbuzi, shangazi wanakesha wakichambua mchele. Huku safari ya harusi ni yangu mimi na benki yangu. Nawajua watu waliokuja nyumbani kwa kadi ya mkopo, wakacheza na kutunza waimbaji, kisha wakarudi kulipa deni na riba mwaka mzima. Naona kufanya hivyo si kuwaheshimu ndugu, maana mwakani mama akiumwa, huyo mtu hana hata cha kutuma.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Kile nilichoweza kukitenga bila kukopa kitakuja kwako chote, kisiishie kwa shirika la ndege. Nakununulia friji kubwa yenye sehemu ya kugandisha, pamoja na stabilaiza, maana umeme wa kwetu ukirudi kwa kishindo huunguza mashine. Nilitaka kuitoa huku, kwa kuwa umeme ni ule ule na hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu, lakini kontena huchukua wiki nyingi baharini na bandarini kuna ushuru. Tena ikiharibika, ningekuwa mbali na duka. Basi chagua duka hapo Tanga, kaka aende akaiwashe aone inashika baridi, nami nitamlipa mwenye duka moja kwa moja. Risiti na karatasi ya dhamana viandikwe jina lako wewe, si langu. Ifike kwenu wiki moja kabla, ili isije ikachanganyika na shughuli.

Lililoniuma ni singo. Nilikuahidi tangu tukiwa wasichana kwamba mimi ndiye nitakayekusinga, na sasa atakusinga mwingine. Mwambie somo yako aisugue polepole mgongoni, ngozi yako huwasha. Kanga ya sare usininyime. Niwekee doti yangu, Mama Mdogo atanitunzia.

Nikahi ni saa kumi alasiri, huku itakuwa saa saba mchana. Nimeomba mapumziko yangu saa hiyo hiyo, basi mtu mmoja anipigie video, asimame upande wa wanawake, nisikie ukiulizwa idhini.

Mwenyezi Mungu akutilie baraka katika ndoa yako, awape mapenzi na huruma, awape kizazi chema na riziki ya halali. Bwana harusi mwambie amepata mke, na mimi nimempokea kama ndugu. Shule zikifungwa Julai tiketi nazo hupanda, kwa hiyo naweka akiba kidogo kidogo nije mwaka keshokutwa, inshallah, nile kwenye nyumba yenu.

Dada yako,
Leicester