Tisa nukta hamsini na tisa na maungamo yake

“Mwalimu, nina ripoti mbili za pendulamu. Mmoja kapata g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ya 9.59, kaandika mwenyewe alipokosea. Mwingine kapata 9.81 safi, mjadala wake mistari miwili. Nani nimpe alama nyingi?”

Mpe wa kwanza, ila usimpe zote. Na kabla ya kumhurumia kwa ukweli wake, chukua kikokotoo uone kama ukweli huo unalipa deni.

Alipima uzi sentimita 50.0, akahesabu mibembeo 20 mara tatu: sekunde 28.6, 28.7 na 28.8. Wastani wa mbembeo mmoja ni sekunde 1.435, na g = 4π²L/T², L ikiwa urefu na T muda wa mbembeo mmoja, inatoa 9.59 m/s². Katika mjadala anasema muda wake uliyumba kwa sekunde 0.1 katika 28.7, yaani kama asilimia 0.35. Kwa kuwa T inapigwa kipeo cha pili, kuyumba huko kunakuwa asilimia 0.7 kwenye g, karibu 0.07. Halafu anaandika sentensi iliyonifanya niweke kalamu chini: tofauti yangu na g inayojulikana ni kubwa kuliko kuyumba huku, kwa hiyo saa pekee haiwezi kuwa sababu.

Hapo ndipo wengi huishia kwenye “makosa ya kibinadamu na ukinzani wa hewa”. Yeye akaenda kutafuta kosa linalovuta upande mmoja tu, akalikuta: alipima uzi hadi juu ya gololi inayoning'inia, wakati fomula inataka hadi katikati yake. Gololi ina kipenyo cha sentimita 2, kwa hiyo L ilipungua sentimita 1 katika 51, sawa na asilimia 2. Weka 0.51 badala ya 0.50, utapata 9.78. Sababu yake ina upande sahihi na ina ukubwa unaotosha. Hewa ingeshindwa mtihani huo. Gololi ya chuma inayobembea polepole haicheleweshwi na hewa kiasi cha kula asilimia 2.

Sasa upande wa pili, ambao una hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Ukilipa maungamo, darasa litajifunza kuungama. Nimesahihisha madaftari yenye orodha ya makosa saba, hakuna hata moja lililopimwa, kana kwamba ripoti ni sala ya toba. Tena huyu wa 9.59 aliijua kasoro yake akiwa bado na gololi mkononi. Vernia kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, ilikuwa mezani. Asingehitaji hata kuipima: kama angetumia urefu tano tofauti na kuchora T² dhidi ya L, mteremko ungetoa g ileile sahihi, maana sentimita inayokosekana ni moja kila mara. Mstari ungekataa tu kupita sifuri. Ungekata mhimili wa T² kwenye 0.04 hivi, na hiyo ndiyo gololi inayojitangaza. Kwa hiyo anachokiita “mipaka ya jaribio” ni uzembe uliosimuliwa vizuri. Mpaka wa kweli ni ule asioweza kuuvuka na vifaa alivyopewa, kama rula isiyosoma chini ya milimita. Kwa hilo mimi ningemkata alama kwenye utaratibu, si kwenye mjadala. Hayo ni masanduku mawili, na kuyachanganya ndiko kunakotufanya tuadhibu ukweli bila kukusudia.

Na wa 9.81? Usimtuhumu. Lakini soma jedwali lake: mibembeo 10, mara moja tu, sekunde 14.3. Kidole kikichelewa sekunde 0.2, hilo ni asilimia 1.4 ya muda, karibu asilimia 3 ya g. Jibu lake kwa haki ni 9.8 kwa kuyumba 0.3, tarakimu ile ya mwisho hakuipima. Halafu kuna kichekesho kidogo: hapa Dar es Salaam, karibu na ikweta, g ni 9.78 hivi. Ile 9.81 ya vitabuni ni ya nchi zilizo mbali zaidi na ikweta. Akiandika “matokeo yangu ni sahihi kwa sababu yanalingana na kitabu”, amelinganisha na mahali pengine, na mjadala wake hauna alama hata kama namba haina kosa.

Kuna anayesema huu ni ukali kwa kidato cha tano, na kwamba mwalimu mwenye madaftari 120 hana muda wa kukokotoa hivi. Muda, nakubali. Ndiyo maana mimi huuliza maswali mawili tu pembeni ya kila kosa lililotajwa: linavuta jibu juu au chini? Kwa kiasi gani? Wa 9.59 alijibu yote mawili bila kuulizwa. Mwenzake ukimuuliza kuhusu ukinzani wa hewa, atasema unapunguza g. Kwa kuwa 9.81 yake iko juu ya 9.78, sababu hiyo ingemvuta kwenda upande usio wake.