Kabla hujailaumu stima, pasua kompresa

Ripoti niliyokabidhiwa ilikuwa na ukurasa mmoja na sentensi moja ya maana: "Kompresa imeungua kwa sababu ya stima isiyo thabiti." Chini yake kulikuwa na sahihi, muhuri na bei ya kompresa mpya. Ya kwanza ilidumu miaka minne. Ya pili ilifungwa tarehe 4 Aprili ikafa tarehe 17 Juni, siku 74 tu. Sasa mwenye hoteli alikuwa anaombwa pesa za ya tatu.

Hoteli hiyo iko ufuoni hapa Malindi, nami nimetengeneza chila za pwani, mashine zinazopoza maji ya viyoyozi, muda wa kutosha kujua kwamba "stima" ni jibu la fundi aliyechoka. Nasema hivi nikijua stima yetu ina visa vyake. Lakini kuna jambo lilinisumbua tangu mwanzo. Mashine hii iliungua mwezi wa sita, kusi inavuma, bahari imechafuka, vyumba vingi vimefungwa na wageni ni wa kuhesabu. Ile ya kwanza ilivuka Januari yenye joto na hoteli imejaa; hii ikaja kufa ikiwa haina kazi. Mtu akizimia kwa kubeba mzigo tunaelewa. Huyu amezimia amelala.

Nikaomba kompresa yenyewe. Ile ya kwanza ilikuwa imeshauzwa kwa vyuma chakavu, kwa hiyo siwezi kuisemea chochote, na ripoti yangu imesema hivyo. Ya pili ilikuwa bado nyuma ya jiko. Kompresa ya aina hii imefungwa kwa kuchomelewa, hivyo ikabidi tuikate kwa grainda baada ya kumwaga mafuta yaliyokuwa meusi na yenye harufu kali ya asidi.

Ndani ndiko kulikokuwa na ripoti ya kweli. Mota ya fezi tatu ina makundi matatu ya koili. Ikielemewa na mzigo, makundi yote huungua kwa kadiri moja. Ikipigwa na radi au mshtuko wa stima, mara nyingi utakuta doa moja lililotoboka na kwingine kuzima. Hapa makundi mawili yalikuwa makaa, la tatu likang'aa kama lilitoka kiwandani juzi. Kwa mota iliyounganishwa kwa mtindo wa nyota, kama hii, picha hiyo ina maana moja: fezi moja ilikatika na mota ikaendelea kupewa mbili.

"Si ndiyo hiyo stima tuliyosema?" akauliza fundi aliyeandika ile ripoti. Swali la haki. Lakini paneli ilikuwa na relei ya kulinda fezi, nzima, nikaijaribu kwa kuchomoa fyuzi moja na ikakata papo hapo. Fezi ingekatika kutoka barabarani, ingeiona. Relei hiyo hupima stima inapoingia kwenye paneli. Kinachotokea baada ya hapo, kati yake na mota, haikioni kabisa. Na hapo katikati kuna kifaa kimoja tu kinachofungua na kufunga: kontakta.

Tukaivua. Vidonge, yaani vipande vinavyogusana kupitisha stima, vya fezi mbili vilikuwa vimechakaa kiasi. Cha tatu kilikuwa kimelika hadi karibu hakuna madini ya fedha yaliyobaki, kimekuwa cheusi, na plastiki iliyokizunguka imebadilika rangi. Ilikuwa ni kontakta ileile iliyoiendesha kompresa ya kwanza. Walibadilisha mashine ya mamia ya maelfu ya shilingi wakaacha kifaa cha elfu chache.

Kwa nini ikalika? Kidhibiti cha chila huhesabu, na hesabu ilianzishwa upya siku kompresa ya pili ilipofungwa: kuwaka mara 11,300 ndani ya saa 1,020 za kazi. Gawanya uone. Kila ilipowaka ilifanya kazi dakika tano na nusu hivi, ikazima. Termostati ilikuwa imewekewa nafasi ya digrii moja tu kati ya kuwaka na kuzima, na kwa wageni wachache maji yalipoa upesi mno. Kila kuwaka ni cheche kwenye vidonge, kwa mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko wa kawaida. Ongeza unyevu na chumvi yetu kwenye paneli ambayo mlango wake haufungi vizuri. Basi msimu wa utulivu ndio uliokuwa msimu wa mateso.

Linabaki swali ambalo kwangu ndilo la maana kuliko yote: mlinzi wa mota alikuwa wapi? Kibati cha mota kilisema mwisho ni ampea 58. Relei ya kuzuia mzigo kupita kiasi ilikuwa imezungushwa hadi 80, kwa sababu, niliambiwa, "ilikuwa inasumbua kwa kukata kata". Sasa fanya hesabu. Usiku wa kusi mashine ilikuwa ikivuta kama ampea 42. Fezi moja ikipotea, zile mbili hubeba mara 1.73, yaani karibu 73. Relei ya 80 inaitazama 73 na kunyamaza. Ingewekwa 58, ingekata.

Na kidonge kiliposhindwa kugusa wakati wa kuwaka, mota haikuzunguka, ilinguruma tu. Askari wa usiku alinieleza bila kujua anachonieleza: "Ilikuwa yanguruma kama lori lililokwama mchangani, yanyamaza, kisha yaanza tena." Hapo relei ilikata kweli, ila ilikuwa imewekwa ijirudishe yenyewe, ikaipa mota adhabu ileile tena na tena. Moduli inayosoma joto la koili ingeweza kuiokoa, lakini tulikuta imerukwa kwa kipande cha waya.

Kwa hiyo mapendekezo yangu hayakuanza na kompresa. Kontakta mpya kwanza, na iwe sharti kila kompresa inapobadilishwa. Relei irudi 58, irudishwe kwa mkono. Waya ule utolewe. Nafasi ya termostati iwe digrii tatu, na ikiwezekana tangi la maji liongezwe ili msimu mtupu usiichoshe mashine. Relei ya fezi iwe ya aina inayopima pia chini ya kontakta. Asidi isafishwe kwa kichujio maalum kwenye bomba la kurudisha gesi, mafuta yapimwe baada ya siku mbili au tatu, na kichujio kibadilishwe hadi kipimo kitoke safi. Bila hivyo uchafu wa maiti hii utaiua ya tatu.

Kisha tukapima saketi ya pili ya chila hiyo, yenye kompresa na kontakta yake, ambayo kila mtu alisema ni nzima kwa kuwa inapoza. Mashine ikiwa inafanya kazi, unaweka mita juu na chini ya kila kidonge. Viwili vilipoteza volti 0.05. Cha tatu kilipoteza 1.4, na kwa ampea 60 hilo ni joto la wati 84 kwenye kitu kisichozidi ukucha.

Tuliizima mchana ule ule. Mwenye hoteli aliniuliza kama ingeweza kusubiri mpaka Agosti, wageni wakirudi.