Kadi Umeifuta, Mkataba Je?

"Kaka, kadi pepe, ile ya namba tu kwenye simu, niliyolipia programu ya michoro nimeshaifuta. Sasa watanikata kupitia wapi?"

Aliyeuliza ni kijana anayechapa kadi za harusi Ngamiani, Tanga, na nusu ya hoja yake ni sahihi. Kwa huduma inayotolewa bure siku 7, au duka usilolijua, hata mimi hutengeneza kadi pepe nikaweka hela kidogo tu. Siku ya 8 wakija kukata, hawakuti kitu.

Shida ni kwamba watu wengi wanaona kufuta kadi ndiyo kujitoa. Tulifungua akaunti yake pamoja. Alijiunga kwa mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi, dola 20, na alikuwa amelipa miezi 3. Hali ya akaunti ilisomeka `Past due`, yaani malipo yamechelewa, siyo `Canceled`, yaani amejitoa. Kampuni haina habari kwamba ameondoka. Inachokiona ni malipo yaliyogoma, basi inajaribu tena. Kanuni za Visa zinaruhusu muamala uliokataliwa, kutegemea sababu ya kukataliwa, kurudiwa hadi mara 15 ndani ya siku 30. Mwenye kadi ambayo haijafutwa, ila imeishiwa salio, akiijaza wiki hiyo kwa ajili ya kitu kingine, hela inaondoka.

Tukasoma masharti: anayetoka kabla ya mwaka kuisha analipa nusu ya miezi iliyobaki. Miezi 9 kwa dola 20 ni 180, nusu yake 90. Aliita wizi. Mimi sikubaliani naye. Bei ya mwezi ilishushwa kwa sababu aliahidi kukaa mwaka mzima, na kampuni ilimwamini kwa ahadi hiyo. Kadi ilizuia hela isitoke, lakini ahadi ilibaki palepale.

Ni kweli, huenda hakuna atakayevuka bahari kudai dola 90. Lakini akaunti inaweza kufungwa, na michoro ya wateja wake ilikuwa humo humo, mingine ya harusi za mwezi ujao.

Linaloniuma zaidi ni suala la ushahidi. Kampuni ikikata kimakosa baada ya mtu kujitoa, mtoa kadi atamuuliza: ulijitoa lini, na uthibitisho uko wapi? Aliyefuta kadi tu hana cha kuonyesha. Tena hela ikirudishwa hurudi kwenye namba ileile ya kadi; kama imeshafutwa, itabidi uifuatilie kwa aliyekupa kadi.

Basi tulianza kupakua michoro yote. Kisha akaandikia huduma kwa wateja, akaeleza kwamba anataka kujitoa na kuomba wapunguze ile 90. Walipunguza hadi 40. Akalipa kwa kadi mpya yenye dola 40 tu, akangoja hadi hali ya akaunti ikasomeka `Canceled`, akapiga picha ya skrini, na barua pepe ya uthibitisho ameihifadhi. Kadi hiyo hajaifuta bado.