Kanuni iliyokubali mara tano ndo inayokufichia njia ya mkato

Juzi nilikaa sebuleni na wapwa zangu wawili, kaka yuko kidato cha pili, mdogo wake wa kike yuko darasa la sita, nikamtolea kaka mtu fumbo la majagi ya maji. Hili fumbo nalijua miaka mingi, ila sikuwahi kuliona linamkamata mtu mbele yangu kiasi kile.

Fumbo ni la mwanasaikolojia Abraham Luchins, alilichapisha mwaka 1942. Una majagi matatu, A, B na C, hayana mistari ya vipimo pembeni, unachojua ni kila moja likijaa linabeba kiasi gani. Maji yapo ya kutosha, unajaza na kumwaga unavyotaka. Swali la kwanza: A linabeba 21, B 127, C 3, pata 100. Kaka mtu kahangaika, kafuta, kaandika tena, mwisho kaona: jaza B, mimina humo ujaze A, zinabaki 106, halafu jaza C mara mbili, zinatoka 6, umebaki na 100. Akafurahi kweli. La pili ni 14, 163 na 25, pata 99, njia ileile. La tatu 18, 43 na 10, pata 5, njia ileile tena. Kufika la tano alikuwa hasomi hata swali, anaandika tu B toa A toa C mara mbili, anasubiri lingine.

La sita: A 23, B 49, C 3, pata 20. Kaandika kanuni yake ndani ya sekunde kadhaa, na jibu ni sahihi, 49 toa 23 toa 6 ni 20. Mdogo wake alikuwa jikoni muda wote huo, akaja akachungulia karatasi, akasema, "Anko, si unajaza hili la 23 unapunguza 3 basi?" Kaka mtu akaliangalia lile swali kama halijawahi kuwa mbele yake.

Sasa hapa kuna watu wanabisha, na hoja yao si mbaya. Wanasema kosa liko wapi, njia imekubali mara tano, kwa nini mtu apoteze muda kutafuta nyingine wakati hii inafika? Kwa swali la sita peke yake mi nakubaliana nao, kutumia njia unayoiamini ni uamuzi wa maana kabisa. Ndo maana Luchins hakuishia hapo, aliweka na swali la nane, na kwangu mimi ushahidi wote umelala pale: A 28, B 76, C 3, pata 25. Kanuni hapa haifanyi kazi, ukiifuata unapata 42. Jibu ni 28 toa 3, hesabu ya mtoto mdogo. Wale aliowaanzishia swali hilo bila mazoezi ya mwanzo hawakusumbuka nalo, ila waliopitia yale matano wengi walikwama, muda ukaisha wamekaa tu. Kwa hiyo huwezi kusema ni mtu anachagua njia aliyoizoea kwa kuwa ni rahisi kwake, maana njia aliyoizoea imeshakufa na bado nyingine haioni. Mpwa wangu alirudia mara tatu, akapata 42 mara tatu, halafu akaniambia kwa uhakika kabisa, "Anko, hili umekosea namba."

Na alikuwa na akili yake timamu! Hiki ndo kinachoniuma mtu akikwama namna hii halafu akaitwa mzito. Aliyekwama ni yule aliyegundua kanuni na kuishika vizuri, asiyeigundua hana cha kumkwamisha.

Dawa ambayo kila mtu anaikimbilia ni kumwambia mwanafunzi afungue akili, afikiri tofauti. Luchins alilijaribu hilo. Kuna kundi aliliambia waandike kwenye karatasi zao kabla ya swali la sita: usiwe kipofu. Ikawasaidia baadhi, lakini wengine waliandika onyo kwa mkono wao wenyewe kisha wakaendelea na B toa A toa C mara mbili. Onyo linakwambia kuna kitu hukioni, halikwambii kiko wapi.

Linganisha na fumbo la mshumaa la Karl Duncker, mwanasaikolojia Mjerumani, utafiti wake wa miaka ya 1930 uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1945. Unapewa mishumaa, viberiti na pini za kubandikia, na vyote vimewekwa ndani ya viboksi vidogo, uusimamishe mshumaa kwenye mlango. Watu wanajaribu kuuchoma mshumaa kwa pini, wanajaribu kuugandisha kwa nta, wapi. Jibu ni kumwaga vilivyomo kwenye kiboksi, kukibana mlangoni kwa pini, kikawa kirafu cha mshumaa. Kiboksi kikiwa kimejaa, akili imeshakipa kazi, ni chombo cha kuhifadhia, mtu hakihesabu kabisa kama moja ya vifaa alivyopewa. Duncker akaja na viboksi vilevile vikiwa vitupu, kakiweka kila kimoja pembeni ya vitu vingine, na watu wakafumbua bila shida. Hakuna aliyeambiwa afikiri tofauti, kilichobadilika ni kile kilichowekwa mbele ya macho yake.

Mwanasaikolojia mwingine, Norman Maier, aliliona hilihili mwaka 1931. Kamba mbili zinaning'inia kwenye dari, zifunge pamoja, lakini ukishika moja nyingine huifikii. Chumbani kuna plaizi. Jibu ni kuifunga plaizi mwisho wa kamba, uibembeze, ukashike ya pili halafu uidake hii inaporudi. Kwa walioshindwa, Maier alikuwa anapita akaigusa kamba kama bahati mbaya ikayumba kidogo, na wengi wakafumbua chini ya dakika moja, jibu likaja zima kwa mkupuo. Alipowauliza limetokea wapi, wengi hawakuitaja ile kamba iliyoyumba. Yaani mtu anaweza kusaidiwa na macho yake na asijue amesaidiwa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa hesabu, hasa tunaotoa maswali ishirini ya kanuni moja halafu tunaweka na saa ya kukimbizana (Luchins alipowaambia watoto kuwa ni mtihani wa kasi, kukwama ndo kulizidi): katikati ya hayo ishirini weka mawili ambayo kanuni inagoma. Ukiyaacha yote yakubali, utamsahihishia mtoto ishirini juu ya ishirini na hutajua kama anasoma swali au ameacha kusoma tangu namba tano.

Mpwa wangu bado alikuwa anakodolea ile 42. Sikumwambia afikiri tofauti, niliweka kiganja changu juu ya lile B nikalifunika, zikabaki 28 na 3 tu kwenye karatasi. Hakuandika hata kanuni, aliniangalia tu, akasema, "Ah, jamani," akaandika 25.