Diwali inafuata mwezi au inafuata jua?

"Kama Diwali inafuata mwezi, mbona haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani? Na kama inafuata jua, mbona haina tarehe moja?"

Inafuata vyote viwili, ila kila kimoja kina kazi yake: mwezi huchagua usiku, na jua huweka uzio ambao usiku huo hauruhusiwi kuuvuka. Miezi kumi na miwili ya mwandamo ina siku 354 na ushei, ilhali jua humaliza mzunguko wake kwa siku 365 na robo, hivyo kila mwaka mwezi humtangulia mwenzake kwa siku kumi na moja hivi. Waislamu huliacha pengo hilo lilivyo, kwa kuwa nasii, ambayo wanavyuoni wengi wanaieleza kuwa ni kuahirisha au kuongeza miezi, imekatazwa na Kurani. Ndiyo maana mtu wa Mombasa aliyefunga Ramadhani wakati wa kaskazi akiwa kijana huja kuifunga wakati wa kusi akiwa mtu mzima. Wahindu wao huliziba pengo hilo, na namna wanavyoliziba ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu.

Jua hupita katika buruji kumi na mbili, yaani sehemu za njia yake kati ya nyota, na kila linapoingia katika buruji jipya tukio hilo huitwa sankranti. Mwezi wa mwandamo hupata jina lake kutokana na sankranti iliyotokea ndani yake. Diwali huangukia usiku wa giza unaoufunga mwezi ambamo jua limeingia buruji ya Mizani, jambo ambalo siku hizi hutokea tarehe 17 Oktoba au siku inayofuata. Kwa kuwa jua hutoka Mizani katikati ya Novemba, usiku wa Diwali hauna pa kwenda ila ndani ya siku hizo thelathini. Huo ndio uzio. Mvua kuu za India, ziletwazo na pepo za kusi, zinakuwa zimekwisha sehemu nyingi za nchi, na mavuno yake yanaingia ghalani.

Tuone ilivyokuwa mwaka 2023. Diwali ilikuwa tarehe 14 Novemba mwaka 2020, ikarudi nyuma hadi tarehe 4 Novemba mwaka 2021, kisha tarehe 24 Oktoba mwaka 2022. Mtu anayehesabu miandamo tu angetarajia kuwa mwaka 2023 ingefika katikati ya Oktoba, na kweli mwezi ulitoweka tarehe 14 Oktoba, siku ambayo watu wa Amerika waliliona jua likipatwa. Lakini jua lilikuwa bado halijaingia Mizani; lilikuwa limebakiza siku tatu na ushei. Usiku huo ukakosa sifa, na Diwali ikasogea hadi tarehe 12 Novemba.

Waandishi wa panchanga, yaani vitabu vya kalenda ya Kihindu, hawakungoja mpaka Oktoba ndipo washtuke, kwa sababu sababu yenyewe ilikuwa imejitokeza miezi mitatu kabla. Jua liliingia Saratani alfajiri ya tarehe 17 Julai kwa saa za India, na mwezi mpya ukaanza usiku uliofuata, kabla siku moja haijatimia tangu tukio hilo. Mwezi huo ulikwisha tarehe 16 Agosti, na kesho yake ndipo jua lilipoingia Asadi. Mwezi mzima ukapita bila sankranti hata moja, na mwezi usio na sankranti hauwezi kupewa jina lake wenyewe. Hukopa jina la mwezi unaoufuata na kuitwa adhika, yaani wa ziada. Mwaka ule miezi ya Shravana ikawa miwili. Watu wengi hawafungi ndoa katika mwezi wa namna hiyo, na baadhi huuita mwezi mchafu, ingawa waumini wa Vishnu wameupa heshima kwa kuuita Purushottama.

Ninachokipenda katika kanuni hii ni kwamba hakuna mtu anayekaa na kuamua kuwa mwaka huu tuongeze mwezi. Nyongeza hujitokeza yenyewe, kwa wastani baada ya kila miezi thelathini na miwili na nusu, mara saba katika miaka 19.

Hapa ndipo ubishi wenyewe unapoanzia. Je, ni kweli kwamba sikukuu hizi hubaki katika majira yake? Majira hutokana na jua kwenda kaskazini na kurudi kusini, lakini panchanga hupima mahali pa jua kwa kulilinganisha na nyota. Vipimo hivyo viwili havilingani sawasawa, kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka. Matokeo yake ni kwamba uzio nao unasogea mbele, kama siku moja kwa kila miaka 71. Makara Sankranti, sikukuu inayohusishwa na jua kuanza safari ya kurudi kaskazini, ilikuwa tarehe 12 Januari mwaka 1863, siku aliyozaliwa mtawa maarufu wa Kihindu, Swami Vivekananda. Leo huwa tarehe 14 au 15 Januari, wakati jua lenyewe huanza kurudi kaskazini karibu tarehe 22 Desemba.

Mwanafizikia Meghnad Saha, aliyeongoza kamati ya kurekebisha kalenda iliyoundwa na serikali ya India mwaka 1952, aliliona jambo hili kuwa kosa la kusahihishwa. Kamati yake iliandaa kalenda ya taifa, iliyoanza kutumika tarehe 22 Machi 1957, ikiufunga mwaka kwenye siku ambayo usiku na mchana hulingana. Kwa upande wa sikukuu, ilipendekeza tofauti kati ya nyota na majira isimamishwe pale ilipofika, ili uzio usiendelee kusogea. Hoja hiyo ni nzito: sikukuu ya mavuno isiyofuata mavuno imebaki na jina tu.

Hata hivyo, wanaoshikilia nyota nao wana neno. Mwezi wa Kartika, unaoanza Diwali inapokwisha, umepata jina lake kwa Krittika, kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia, kwa kuwa mwezi mpevu wa Kartika husimama karibu nalo. Mkulima wa pwani aliyefundishwa kuwa Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua ataelewa mara moja uzito wa alama hiyo angani. Ukiufunga uzio kwenye majira, baada ya karne nyingi mwezi mpevu wa Kartika utakuwa umekihama Kilimia, na jina litakuwa halina maana.

Kwa maoni yangu, Saha alikuwa sahihi kuhusu jambo lenyewe, lakini si jambo la kumtia mtu hofu. Diwali yenyewe huyumba kwa karibu mwezi mzima ndani ya uzio wake, kwa hiyo siku moja katika umri mzima wa mtu haionekani shambani. Itaonekana kwa wengine: kwa kasi hii, baada ya miaka 2,000 hivi uzio utaanza katikati ya Novemba na kuishia katikati ya Desemba, na taa za Diwali za Delhi zitawashwa katika baridi, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa zamani.